Asilimia 0.05 iliyobaki ni ya nani?

*Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nachunguza esterasi ya bakteria, yaani kimeng'enya kinachovunja esta, na nikiilinganisha na ndugu zake naona serini namba 153 ndiyo inayoshambulia sabstrati, molekuli ile inayovunjwa. Nimeibadilisha kuwa alanini, nikasafisha protini kwa kolamu ya nikeli, nikapima kwa asetati ya p-nitrofenili. Utendaji umebaki asilimia 0.05 ya ule wa asili. Msimamizi wangu anasema kama serini hiyo ndiyo mshambuliaji, utendaji ungekuwa sifuri kabisa, kwa hiyo nitafute asidi amino nyingine. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nimjibu nini?*

Marahaba. Hoja ya msimamizi wako haisimami, lakini namba yako nayo bado haijasimama. Nianze na yake, maana ndiyo fupi.

Mwaka 1988 Paul Carter na James Wells, wakiwa Genentech huko Kalifornia, walichapisha kazi waliyoifanya kwa subtilisini, kimeng'enya cha *Bacillus amyloliquefaciens* kinachokata protini. Kina utatu unaofahamika sana: serini 221 inayoshambulia, histidini 64 inayoipokonya protoni, na aspartati 32 inayoishikilia histidini. Walibadilisha kila mmoja wao kuwa alanini, kisha wakabadilisha wawili wawili, kisha wote watatu pamoja. Serini ilipoondolewa, `kcat`, yaani idadi ya molekuli ambazo kimeng'enya kimoja hugeuza kwa sekunde, ilishuka kama mara milioni 2. Histidini ilipoondolewa, vilevile kama mara milioni 2. Aspartati, kama mara 30,000. `Km`, yaani kiasi cha sabstrati kinachofikisha kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu, haikubadilika sana, maana yake sabstrati iliendelea kuingia na kukaa mahali pake, ila ikakosa wa kuikata.

Sasa tazama wote watatu walipoondolewa kwa pamoja. Kimeng'enya hakikufa. Kilibaki kikikata kwa kasi ya kama mara 1,000 kuliko maji matupu yanavyokata bila kimeng'enya chochote. Hapo hakuna mshambuliaji, hakuna msaidizi wake, na bado kazi inafanyika, kwa sababu eneo tendaji si utatu peke yake. Kuna asparajini 155, inayotuliza chaji hasi inayojitokeza kwenye oksijeni katikati ya mmenyuko, na kuna mfuko unaoibana sabstrati katika mkao unaoielekeza kwenye mabadiliko. Molekuli ya maji ikipita karibu, ikashambulia yenyewe, inakuta nusu ya kazi imeshaandaliwa. Kwa hiyo anayesema "mshambuliaji akiondoka lazima ibaki sifuri" anadhani asidi amino moja ndiyo kimeng'enya kizima.

Hilo mwambie kwa heshima. Lakini usikimbilie kumwambia kwamba asilimia yako 0.05 ni ya mbadiliko wako, yaani ile protini yenye alanini, kwa sababu wewe hujui bado. Asilimia 0.05 ni sehemu 1 ya 2,000. Namba hiyo inaweza kutoka kwa njia mbili ambazo kipimo chako hakizitofautishi: ama kila molekuli ya mbadiliko inafanya kazi polepole mara 2,000, ama molekuli 1,999 zimekufa kabisa na moja iliyoingia kwa mlango wa nyuma inafanya kazi kama kawaida. Swali la kujibu kwanza ni hilo, na ndipo wengi wanapoanguka.

Anza na kitu ambacho nadhani hujakiangalia, imidazoli. Umesafisha kwa kolamu ya nikeli, kwa hiyo umeitoa protini kwa bafa yenye imidazoli, tuseme milimola 250 kwa lita. Imidazoli ni ule mkono wa histidini uliosimama peke yake, na huvunja esta za p-nitrofenili bila msaada wa protini yoyote. Ni mfano wa zamani kabisa katika vitabu vya kemia ya uchochezi. Ulipopima kimeng'enya cha asili huenda ulihitaji nanomola 10 tu, kwa hiyo akiba yako ya maikromola 100 uliizimua mara 10,000, na imidazoli ikabaki maikromola 25, ambayo haina madhara. Ulipopima mbadiliko ulihitaji protini nyingi ili uone chochote, tuseme maikromola 10. Hapo umeizimua mara 10 tu, na ndani ya kuveti kuna milimola 25 za imidazoli. Umelinganisha vitu viwili katika vimiminika viwili tofauti, na kile kilichobeba imidazoli mara 1,000 zaidi ndicho unachosema "bado kina utendaji kidogo".

Niliwahi kupoteza wiki sita kwa kosa hili hili. Nilikuwa nimeshaandika aya mbili za majadiliano kuhusu "utaratibu mbadala wa uchochezi" kabla mtu wa maabara ya jirani hajaniuliza kama nimebadilisha bafa. Sikuwa nimebadilisha. Aya zile zilikuwa nzuri sana.

Dawa yake ni rahisi. Badilisha bafa ya protini zote mbili, ya asili na ya mbadiliko, kwa dayalisisi au kolamu ya kuondoa chumvi, kisha kama tupu ya kulinganishia usitumie bafa mpya ya kwenye chupa bali ile iliyotoka upande wa pili wa dayalisisi yako. Asetati ya p-nitrofenili huvunjika yenyewe ndani ya bafa ya alkali hata bila imidazoli, kwa hiyo tupu hiyo lazima ipimwe sambamba na sampuli, siku hiyo hiyo, kwa muda ule ule. Ukiweza, hamia kwenye butirati ya p-nitrofenili, ambayo ni tulivu zaidi ndani ya maji.

Ikiwa baada ya hapo asilimia 0.05 bado ipo, mtuhumiwa wa pili ni uchafu wa kimeng'enya cha asili, na huyu ana milango kadhaa. Wa kwanza ni kolamu. Kama resini ile ile ya nikeli iliwahi kusafisha protini ya asili, hata ukiiosha vipi, kubaki kwa sehemu 1 ya 2,000 si ajabu. Mbadiliko apewe resini yake mpya ambayo haijawahi kuguswa na asili. Ni gharama, najua, lakini mililita moja inatosha.

Wa pili ni plasmidi mama, yaani duara la DNA lililobeba jeni yako ya asili. Ulipofanya mabadiliko kwa PCR, ulitengeneza nakala mpya zenye alanini kutoka kwa plasmidi yenye serini, kisha ukaweka `DpnI` ili iikate ile ya zamani. `DpnI` hukata tu mahali `GATC` palipowekewa methili, kwa hiyo plasmidi mama lazima iwe imetoka katika aina ya *E. coli* inayoweka methili, kama `DH5α`. Hata hivyo nyingine hubaki bila kukatwa. Ukichukua koloni lenye seli zilizobeba plasmidi zote mbili, kusoma mfuatano kwa njia ya Sanger hakutakuambia, kwa sababu mchanganyiko wa chini ya asilimia 10 hivi hupotea kwenye kelele za grafu. Kwa hiyo ukiniambia "nimesoma mfuatano, ni safi", nakuelewa, ila usafi unaoonekana pale si usafi unaouhitaji hapa. Chukua plasmidi uliyosoma, iingize upya katika seli kwa kiasi kidogo sana, nanogramu moja au chini, chagua koloni moja lililokaa mbali na wenzake, soma mfuatano wa jeni yote, kisha tengeneza protini kutoka kwa hilo.

Mlango wa tatu huwezi kuufunga, unaweza kuupima tu. Ribosomu hukosea. Kwa wastani asidi amino moja isiyostahili huingia katika kila 1,000 hadi 10,000, ingawa inategemea sana kodoni na mahali. Namba yako, 1 kwa 2,000, imekaa katikati kabisa ya masafa hayo. Na chaguo lako la serini kwenda alanini lina balaa lake: kimeng'enya kinachoipachika alanini kwenye tRNA yake, molekuli inayoibeba hadi kwenye ribosomu, kina udhaifu unaojulikana wa kuichanganya na serini, na kina sehemu maalumu ya kurekebisha kosa hilo. Kosa likipenya, seli yenyewe inakurudishia serini uliyoitoa.

Usilifanye hilo kisingizio, lakini. Katika subtilisini utendaji ulishuka mara milioni 2, yaani hata molekuli 1 ya asili katika 1,000,000 ingeonekana. Makosa ya ribosomu hayakuzuia kufika huko. Namna walivyojilinda na uchafu ndiyo sehemu ya kazi ile ninayoipenda kuliko zote. Subtilisini hutengenezwa ikiwa na kipande cha ziada mbele, na hujikata yenyewe kipande hicho ili ikomae. Mbadiliko aliyekufa hawezi kujikata, kwa hiyo walilazimika kumkuza pamoja na seli nyingine zinazotoa subtilisini hai ya kumkatia. Yaani waliuingiza uchafu kwa mikono yao. Ili kuutoa tena, waliweka katika mbadiliko wao badiliko moja la ziada, serini 24 kuwa sisteini, juu ya uso wa protini, mbali na eneo tendaji. Subtilisini ya asili haina sisteini hata moja. Wakapitisha mchanganyiko kwenye kolamu inayonasa salfa: mbadiliko akanaswa, msaidizi akapita. Bila ndoana hiyo ya salfa, namba yao ya milioni 2 isingeaminika.

Wewe huhitaji ndoana. Una kitu kinachokufaa zaidi, kwa sababu unachokitilia shaka ni serini yenyewe. Kuna kemikali inaitwa `PMSF` ambayo hujifunga kwenye serini inayoshambulia na kuifunga daima. Alanini haina pa kufungwa. Kwa hiyo ukiuweka mbadiliko wako ndani ya `PMSF` halafu utendaji ukatoweka, utendaji ule haukuwa wake: ulikuwa wa molekuli za asili zilizojipenyeza, au wa esterasi za *E. coli* mwenyewe. Utendaji ukibaki vilevile, uchafu wenye serini umeondolewa kwenye orodha.

Fanya hivi. Yeyusha `PMSF` ndani ya isopropanoli kavu iwe milimola 100, vaa glovu maana ni sumu, na uitumie mara moja kwa sababu maji huiharibu: kwenye pH 8 nusu yake hupotea ndani ya kama nusu saa, kwenye pH 7.5 hudumu zaidi kidogo. Weka milimola 1 kwenye mbadiliko wako wa maikromola 10, subiri nusu saa, ongeza nyingine, subiri tena, kisha pima. Pembeni weka sampuli tatu. Ya kwanza ni mbadiliko aliyewekewa isopropanoli tupu. Ya pili ni kimeng'enya cha asili chenye `PMSF`, kwa sababu baadhi ya esterasi hufunikwa na kifuniko na `PMSF` haiingii, na kama ya kwako ni ya jamii hiyo jaribio zima halina maana. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: mbadiliko wako maikromola 10 uliyemwongezea kwa makusudi nanomola 5 za asili. Hiyo ni asilimia 0.05 kamili. Bila `PMSF` inapaswa kusoma karibu mara mbili ya mbadiliko peke yake. Ukiweka `PMSF`, kile ulichoongeza lazima kifutike chote. Kisipofutika, huna haki ya kusema lolote kuhusu kilichokuwepo mwanzo.

Nimesema "uchafu wenye serini", kwa hiyo bado kuna mmoja ambaye `PMSF` haimgusi. Protini yoyote ikiwa maikromola 10 ina lisini na histidini juu ya uso wake, na hizo nazo huvunja esta hii kidogo kidogo. Pima lisozimu kwa kiasi hicho hicho, lakini usitumie albumini ya damu, kwani hiyo ina utendaji wake halisi juu ya asetati ya p-nitrofenili na itakupotosha. Kisha ongeza sabstrati hatua kwa hatua. Kasi ikifika mahali ikatulia, kuna mfuko unaojaa. Ikipanda moja kwa moja bila kuchoka, unaangalia kemia ya uso.

Utaambiwa pia na watu kwamba `Km` ya mbadiliko ikifanana na ya asili huo ni ushahidi wa uchafu. Ni dalili ya kukufanya ushtuke, si zaidi. Uchafu wa asili lazima utoe `Km` ya asili, kweli, lakini subtilisini iliyosafishwa vizuri nayo ilibaki na `Km` karibu ile ile. `Km` iliyobadilika inakuondolea wasiwasi, iliyofanana haikuhukumu.

Tuseme sasa umefanya yote hayo, `PMSF` haikupunguza kitu, na asilimia 0.05 ni ya mbadiliko wako kweli. Msimamizi atauliza, na safari hii kwa haki: kwa nini subtilisini imeshuka mara milioni 2 na wewe mara 2,000 tu? Sehemu kubwa ya jibu ni sabstrati. Carter na Wells walipima ukataji wa amidi, kifungo kigumu. Wewe unapima esta ya p-nitrofenili, kifungo ambacho kiko tayari kuvunjika hata kikiguswa na imidazoli. Kazi ikiwa rahisi, kukosekana kwa fundi hakuonekani sana.

Hili lilijulikana kabla ya mtu yeyote kuweza kubadilisha jeni mahali anapotaka. Mwaka 1966 makundi mawili ya wanakemia huko Marekani, Polgár na Bender upande mmoja, Neet na Koshland upande wa pili, waliigeuza serini 221 ya subtilisini kuwa sisteini kwa kemia tu, oksijeni moja kutoka, salfa moja kuingia. Njia ya Michael Smith wa Vancouver ya kubadilisha jeni kwa kipande kifupi cha DNA ilikuja mwaka 1978. Subtilisini yao ya salfa iliendelea kuvunja esta za nitrofenili, lakini kwa protini na amidi za kawaida ilikuwa karibu imekufa. Kimeng'enya kimoja, badiliko moja, na jibu linategemea umekiuliza kwa sabstrati ipi. Kwa hiyo pima tena kwa esta ambayo kipande chake kinachoondoka hakiachii kirahisi hivyo, kama esta ya ethili au tributirini, ukifuatilia asidi inayotoka kwa kuongeza alkali kidogo kidogo na kushikilia pH. Ni kazi ya kuchosha na inahitaji protini nyingi. Pengo kati ya asili na mbadiliko likipanuka pale, serini yako inafanya kazi ya mshambuliaji. Likibaki mara 2,000 kwa sabstrati zote, mimi mwenyewe nitaanza kumsikiliza msimamizi wako.

Kabla hujafika mbali, hakikisha mbadiliko amejikunja sawa. Joto la kuyeyuka kwake likiwa ndani ya digrii moja au mbili za asili, na wigo wa daikroizimu ya mviringo ukilaliana, inatosha. Protini iliyobomoka nayo hupoteza utendaji, na hilo halikuambii lolote kuhusu serini.

Jaribio la mwisho ni kumtoa na mshirika. Tafuta histidini inayodhaniwa kuisaidia serini 153, ibadilishe kuwa alanini peke yake, kisha zote mbili pamoja. Kama kila moja ingefanya kazi yake bila kumtegemea mwenzake, hasara zingezidishana. Katika subtilisini, kuzidisha milioni 2 kwa milioni 2 kwa 30,000 kungetoa hasara yenye tarakimu 18. Hasara halisi ya wote watatu ilikuwa kama milioni 2, sawa na ya serini peke yake. Serini ikishaondoka, histidini haina wa kumsaidia, na kuiondoa hakuongezi hasara. Kufanana huko ndiko kunakoonyesha kwamba walikuwa mnyororo mmoja.

Lakini ona mtego ulipo. Mbadiliko wa serini akisoma asilimia 0.05, wa histidini asilimia 0.05, na wa wote wawili asilimia 0.05, huo ni mnyororo mzuri kama wa subtilisini, au ni uchafu ule ule umeingia mara tatu kupitia kolamu ile ile. Grafu zake hazina tofauti hata kidogo. Ndiyo maana nimekusumbua na resini mpya na `PMSF` kabla ya kukuruhusu ufike hapa. Na kumbuka kuwa kwa mbadiliko wa histidini `PMSF` haina uamuzi ule ule: serini bado ipo, ingawa imedhoofika, na inaweza kufungwa polepole.

Katika tasnifu usiandike "serini 153 imethibitishwa kuwa mshambuliaji" kwa sababu ya alanini peke yake. Andika kuwa kuiondoa kumeshusha `kcat` mara kadhaa bila kuvuruga mkunjo, na kwamba kilichobaki hakizuiwi na `PMSF`. Neno "mshambuliaji" lisubiri spektrometa ya masi. Mpe kimeng'enya cha asili `PMSF`, kikate kwa tripsini, utafute kipande chenye serini 153 kilichoongezeka uzito wa daltoni 154. Kipande hicho hicho cha mbadiliko kisipoongezeka, peleka grafu zote mbili kwa msimamizi wako.